Mapato ya boda wa oda: jinsi ya kuyapata kutoka taarifa za programu na M-PESA

Swali ambalo waendeshaji wengi wa boda boda wanaofanya kazi kwa programu za simu hushindwa kujibu ni fupi: "Kwa mwezi unapata pesa ngapi?" Huulizwa na karani wa sacco, na wakili katika kesi ya ajali, na afisa wa watoto wazazi wanapokosana kuhusu matunzo ya mtoto. Anayeulizwa hutoa simu na kuonyesha tarakimu moja. Anayeuliza naye huwa ameona tarakimu nyingine. Hapo mabishano huanza, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa mwongo, ilhali tarakimu zote mbili zimetoka katika simu moja.

Makala haya yanaeleza jinsi mapato halisi yanavyopatikana kutoka katika taarifa za programu, taarifa ya M-PESA na mita ya pikipiki. Mfano unaotumika umetungwa ili kueleza hatua, na kila mwendeshaji ataweka tarakimu zake mwenyewe. Unahusu matunzo ya mtoto, kwa sababu hapo ndipo hesabu mbaya humuumiza asiyehusika kabisa na mabishano.

Tarakimu mbili, simu moja

Mwendeshaji wa mfano huu anaishi Makutano, mjini Meru. Hubeba abiria na kupeleka vifurushi vya oda kwa programu moja, na kunapokuwa kimya hubeba wateja wa steji. Mama ya mtoto wake anaishi Embu na mtoto wa miaka sita. Wameachana, na mama amefika kwa afisa wa watoto akitaka baba achangie matunzo.

Katiba, katika Kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema vivyo hivyo. Kwa hiyo suala la kama baba atachangia halina mjadala. Linalobaki ni kiasi, na kiasi hutegemea mahitaji ya mtoto pamoja na uwezo wa kila mzazi.

Mama ana picha ya skrini ambayo baba alimtumia mwezi wa Desemba walipokuwa bado wanaelewana. Inaonyesha mapato ya wiki moja, shilingi 15,400. Mama amezidisha mara nne akapata 61,600 kwa mwezi.

Baba amekuja na taarifa ya M-PESA. "Madam, pesa ambazo kampuni hunitumia ni hizi tu," anasema. Ukijumlisha malipo ya kampuni kwa miezi mitatu unapata shilingi 41,100, yaani 13,700 kwa mwezi. Anasema hawezi kutoa zaidi ya 2,000.

Afisa haanzi kwa kuuliza nani anadanganya. Anamwuliza baba, "Wateja wakikulipa pesa taslimu, programu huifanyia nini hiyo pesa?" Swali hilo ndilo ufunguo wa hesabu nzima.

Kwa nini tarakimu zote mbili si mapato

Tarakimu kubwa inayoonekana kwenye skrini kwa kawaida ni jumla ya nauli walizolipa wateja. Komisheni ya kampuni haijatolewa, wala petroli, wala bando. Picha ya skrini huwa pia ni ya wiki nzuri, kwa sababu watu hawapigi picha wiki mbaya. Wiki ya Krismasi ikizidishwa mara nne haitoi mwezi wa kawaida.

Malipo ya kampuni kwenye M-PESA nayo ni kitu kingine kabisa. Mteja anapolipa taslimu, pesa yote hubaki mkononi mwa mwendeshaji, na komisheni ya safari hiyo huwa deni kwa kampuni. Mwisho wa wiki kampuni huchukua haki ya mwendeshaji kwa safari zote, ikaondoa taslimu aliyokwisha kupokea, ikamtumia kinachobaki. Kadiri wateja wengi wanavyolipa taslimu, ndivyo malipo ya kampuni yanavyopungua. Katika wiki ambayo karibu wateja wote wamelipa taslimu, mwendeshaji anaweza hata kuonyeshwa kuwa anadaiwa, ingawa alifanya kazi siku sita na jioni zote alikuwa na pesa mfukoni.

Kwa hiyo tarakimu ya mama ni kubwa mno na ya baba ni ndogo mno, na hakuna kati yao aliyebuni chochote. Mapato hayako kwenye skrini yoyote ya simu. Lazima yajengwe.

Hatua ya kwanza: wiki 13

Programu nyingi hutoa taarifa za wiki, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na wiki hazigawanyiki sawasawa ndani ya mwezi. Anayejaribu kuhesabu "Januari" hujikuta akikata wiki katikati. Njia rahisi ni kuchukua wiki 13 zinazofuatana. Hizo ni siku 91, sawa na miezi mitatu. Jumla yake ikigawanywa kwa tatu inatoa wastani wa mwezi.

Wiki zote 13 ziwemo, hata ile ambayo pikipiki ilikuwa gereji. Baba wa mfano huu alikuwa na wiki ya Januari yenye nauli za 6,100 tu. Akiiondoa wiki hiyo anajidhulumu, na akiondoa wiki ya Krismasi anamdhulumu mtoto.

Taarifa zichukuliwe kama faili kamili kutoka kwenye programu, pamoja na orodha ya safari zenye saa na kiasi. Picha za skrini hazitoshi kwa sababu hukatwa na huchaguliwa. Aliyefungiwa akaunti na hawezi kuona taarifa zake bado ana haki ya kuzipata. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuomba taarifa zake zinazohifadhiwa na kampuni. Ombi liandikwe, na nakala yake ihifadhiwe. Kampuni ikikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Katika wiki 13 za mfano wetu, taarifa za programu zinaonyesha:

Nauli zote: 156,000
Bonasi: 5,200
Bahashishi kupitia programu: 1,300
Komisheni ya kampuni: 23,400

Nauli, bonasi na bahashishi zinafika 162,500. Ukitoa komisheni, haki ya mwendeshaji ni 139,100.

Sasa hesabu ijijaribu yenyewe. Taarifa za programu zinasema wateja walilipa taslimu 98,000. Ukiiondoa kutoka 139,100, kampuni ilipaswa kumtumia 41,100, na hicho ndicho kiasi kilicho kwenye M-PESA. Tarakimu zinapokutana namna hii, ni dalili kwamba hakuna wiki iliyofichwa wala akaunti ya pili ya malipo.

Zisipokutana, mwendeshaji asidhaniwe mara moja kuwa mdanganyifu. Malipo ya wiki ya mwisho huingia siku chache baada ya wiki hiyo kufungwa, kwa hiyo taarifa ya M-PESA isikomee Jumapili ya wiki ya 13. Vilevile malipo ya kwanza kwenye taarifa huenda ni ya wiki iliyotangulia, na deni la wiki moja huweza kukatwa katika wiki inayofuata. Tofauti ikibaki baada ya hayo, ndipo aulizwe kama analipwa kwa namba nyingine au kwa benki.

Hatua ya pili: kusoma M-PESA bila kuhesabu mara mbili

Taarifa ya M-PESA hupatikana kwa kubonyeza *334# au kupitia programu ya M-PESA. Faili lake hufunguliwa kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe. Safu ya `Paid In` ndiyo inayoonyesha pesa zilizoingia, na hapa ndipo watu hukosea zaidi.

Kosa la kwanza ni kujumlisha safu yote na kuiita mapato. Ndani yake mna zamu ya chama, pesa za ndugu na mikopo. Mistari iliyoandikwa `OverDraft of Credit Party` ni Fuliza. Hilo ni deni, si mapato.

Kosa la pili halionekani upesi. Mteja aliyechagua kulipa taslimu kwenye programu mara nyingi hulipa kwa M-PESA moja kwa moja kwenye namba ya mwendeshaji. Pesa hiyo imekwisha kuhesabiwa ndani ya zile 98,000. Ukiihesabu tena kwa sababu imeonekana kwenye M-PESA, umehesabu safari moja mara mbili. Dawa yake ni kulinganisha orodha ya safari na safu ya `Completion Time`. Safari iliyokwisha saa 8:40 kwa shilingi 180, na pesa 180 zilizoingia saa 8:41, ni kitu kimoja.

Katika mfano huu watu binafsi walimtumia baba jumla ya 71,500. Baada ya kulinganisha, 46,000 zilikuwa za wateja wa programu, na 9,000 zilikuwa zamu ya chama na pesa za kaka yake. Zilizobaki, 16,500, ni za wateja wa steji. Kuna pia taslimu ya steji isiyo na kumbukumbu popote. Baba anakadiria 500 kwa wiki, yaani 6,500 kwa wiki 13. Makadirio haya yaandikwe waziwazi kuwa ni makadirio. Jumla ya steji ni 23,000.

Anayetumia Pochi la Biashara alete na taarifa ya Pochi, kwa sababu pesa zake hukaa kando na za M-PESA ya kawaida. Ishara ya kwamba Pochi au namba nyingine imesahaulika ni hii: taarifa ya programu inaonyesha safari nyingi za taslimu, lakini hakuna mteja hata mmoja aliyelipa kwa M-PESA.

Haki ya programu, 139,100, pamoja na steji, 23,000, inaleta 162,100. Hizo ndizo pesa zilizofika mkononi mwake kabla ya gharama.

Hatua ya tatu: gharama, na kilomita zisizoonekana

Petroli ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na programu huificha nusu. Programu huhesabu kilomita ambazo mteja au mzigo yupo juu ya pikipiki. Haihesabu kurudi mtupu kutoka Nkubu, wala kuzunguka Gakoromone ukitafuta oda, wala kwenda kumchukua mteja. Katika mfano wetu programu inaonyesha kilomita 4,200. Mita ya pikipiki, iliyoandikwa kwenye kitabu cha servisi mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, inaonyesha 7,800. Ukiondoa 400 za safari zake binafsi, kilomita za kazi ni 7,400.

Matumizi ya petroli hupimwa, hayakisiwi. Jaza tangi mpaka juu, andika mita, fanya kazi kama kawaida, kisha jaza tena mpaka juu. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizojaza mara ya pili. Pikipiki ya mfano huu, kwa milima ya Meru na mizigo, inatoa kilomita 37 kwa lita. Kilomita 7,400 zinahitaji lita 200. Kwa bei ya wastani ya shilingi 180, petroli ni 36,000. Bei za kila mji hutangazwa na mamlaka ya kawi, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo yeyote anaweza kuzihakiki. Kama baba angetumia kilomita za programu peke yake, petroli ingeonekana kuwa kama 20,400, na angejipunja zaidi ya shilingi 15,000.

Gharama nyingine kwa wiki 13 ni hizi:

Kubadilisha oili mara nne: 2,800
Tairi, cheni na breki: 3,750
Bima: 1,500
Bando za intaneti: 3,900
Ada ya steji: 650

Tairi na cheni zinahitaji maelezo. Hazinunuliwi kila mwezi, hivyo kipindi kimoja kinaweza kuwa na tairi mbili na kingine kisiwe na hata moja. Baba amejumlisha vipuri vyote vya mwaka mzima, 15,000, akagawanya kwa nne. Hiyo ni haki kwa pande zote.

Pamoja na petroli, gharama zote ni 48,600. Ukizitoa kutoka 162,100 kunabaki 113,500, ambayo kwa mwezi ni kama 37,800.

Mkopo wa pikipiki uwekwe mstari wake

Baba analipa 2,400 kwa wiki kwa mkopo wa pikipiki, yaani 31,200 kwa wiki 13. Akiuhesabu, anabaki na 82,300, ambayo ni kama 27,400 kwa mwezi.

Je, mkopo ni gharama? Mama anasema baba anajinunulia mali. Baba anasema bila kulipa, pikipiki itachukuliwa na mtoto atakosa kila kitu. Wote wana hoja, na ndiyo sababu mkopo hauchanganywi na petroli. Unaandikwa peke yake, pamoja na tarehe utakapokwisha. Katika mfano huu unakwisha Agosti. Anayeamua, awe afisa au hakimu, anaona 37,800 kabla ya mkopo na 27,400 baada yake, na anaona kwamba kuanzia Septemba tofauti hiyo itapungua. Hata hivyo haitakwisha kabisa, kwani pikipiki inayofanya kilomita 7,400 kila miezi mitatu inachakaa na lazima siku moja inunuliwe nyingine.

Kinachofuata mezani

Hesabu hii haisemi baba atoe kiasi gani. Inaondoa tu mabishano yasiyo na maana kati ya 61,600 na 13,700. Baada ya hapo mama naye anaeleza anachopata kwa kuuza nguo Embu, kwa kuwa wajibu ni wa wazazi wote wawili. Wanaorodhesha chakula cha mtoto, sehemu yake ya kodi ya nyumba, sare, vitabu na matibabu.

Katika mfano wetu wanakubaliana baba atume 1,800 kila wiki. Malipo ya wiki yamechaguliwa kwa sababu yeye mwenyewe hulipwa kwa wiki, na pesa inayosubiri mwisho wa mwezi katika mfuko wa boda mara nyingi haifiki. Kiasi hicho ni 7,800 kwa mwezi. Wamekubaliana pia kugawana nusu kwa nusu gharama za shule kila muhula, na kuitazama hesabu upya Septemba mkopo ukiisha. Malipo yanatumwa kwa M-PESA, si mkononi, ili kila mzazi awe na kumbukumbu.

Kama wasingekubaliana, suala lingeenda kwa mahakama ya watoto. Huko kila mzazi huweza kutakiwa kuapa hati inayoeleza mapato na matumizi yake, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Picha moja ya skrini au malipo ya kampuni peke yake hayatamfikisha mbali yeyote kati yao. Hesabu iliyojengwa kutoka taarifa za wiki 13, M-PESA na mita inaweza kufuatwa mstari kwa mstari, na kila mmoja akaonyesha anapoipinga.

Mwendeshaji asiye na taarifa kamili hajapoteza haki yake ya kusikizwa. Katika kesi ya Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeone Obayo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato, kwa sababu Wakenya wengi hujitafutia riziki bila kuweka kumbukumbu. Lakini mwenye kumbukumbu kwenye simu asiyezileta ataulizwa kwa nini.

Nyaraka za kubeba

Mwendeshaji anayeitwa kueleza mapato yake aje na taarifa za programu za wiki 13 pamoja na orodha ya safari, taarifa ya M-PESA ya kipindi hicho na wiki moja zaidi, taarifa ya Pochi kama anayo, kitabu cha servisi chenye namba za mita, risiti za vipuri vya mwaka, na ratiba ya mkopo. Mzazi wa upande wa pili ana haki ya kuomba kuviona, na naye alete kumbukumbu za mapato yake na risiti za matumizi ya mtoto.

Ofisi za watoto ni za serikali ya kitaifa na zinapatikana katika kaunti ndogo za Meru na Embu. Anayejua mtoto aliyetelekezwa au anayeteswa anaweza kupiga simu ya bure 116.